Rundo Lililofungwa kwa Waya

Kama una duka la hadiwea hapa Ifo, kuna sentensi umeisikia kwenye simu mara nyingi mno: "Lori limeshatoka, walaal. Mzigo uko njiani." Limetoka saa ngapi, hujui. Limefika wapi, hujui. Unachojua ni kwamba fundi amesimama mlangoni na mkokoteni wa punda, anataka mabati ishirini na misumari yake, na stoo yako imebaki sakafu tupu. Fundi hangoji. Ana vibarua wanaohesabiwa siku, na mwenye nyumba anaangalia mawingu. Anageuza punda, anakwenda kwa jirani.

Jioni hiyo mwenye duka hufunga mlango akiapa: mara nyingine nitaagiza mara mbili ya hii, nione kama mali itaniishia tena. Kiapo hicho nimekisikia katika maduka mengi, na kila nikikisikia roho inaniuma, kwa sababu mtu anatoa fedha nyingi kutibu ugonjwa asio nao. Kuagiza ngapi ni swali moja. Kuagiza lini ni swali lingine. Kila moja lina hesabu yake, na kuchelewa kwa lori kunaingia katika hesabu ya lini. Katika hesabu ya ngapi hakumo.

Tuchukue duka moja la mfano hapa sokoni. Bei na idadi nitakazotaja nimeziweka mimi ili hesabu ieleweke, wewe weka zako. Tuangalie bidhaa moja tu, mabati ya geji 30. Duka linauza mabati kumi kwa siku, siku nyingine saba, siku nyingine kumi na tatu, lakini ukijumlisha mwezi hadi mwezi ni kumi. Linafunguliwa siku 300 kwa mwaka, kwa hiyo ni mabati 3,000 kwa mwaka. Bati moja linamgharimu mwenye duka shilingi 900 likifika.

Sasa, kila anapoagiza kuna gharama ambayo haijali ameagiza mabati mangapi. Kuna dalali wa Garissa anayezunguka kwa wauzaji wa jumla kutafuta bei. Kuna kukodi gari la kutoka Garissa hadi hapa, karibu kilomita mia moja, ambalo mwenyewe anataka hela yake ya safari hata likiwa nusu. Na kwa mfanyabiashara aliye mkimbizi, ambaye hawezi kutoka kambini bila karatasi ya ruhusa ya kusafiri, kuna wakati wa kuifuatilia karatasi hiyo, au ujira wa mtu mwenye kitambulisho atakayekwenda kwa niaba yake. Jumlisha yote: tuseme shilingi 6,000 kwa kila oda.

Upande wa pili kuna gharama ya kuweka. Bati likilala stoo mwaka mzima linakula kitu. Kuna kodi ya stoo, mlinzi wa usiku, mabati ya chini yanayopinda, mengine yanayoota madoa meupe kwa sababu yalirundikwa yakiwa na unyevu katikati. Hiyo tuseme ni shilingi 44 kwa bati kwa mwaka. Halafu kuna fedha yenyewe. Hapa wengi huniambia, "Mimi sichukui mkopo wa riba, fedha ni yangu, kwa hiyo kuweka mali hakunigharimu." Ndugu yangu, riba tumeiacha kwa dini yetu, na ni vyema. Lakini shilingi 900 zilizolala ndani ya bati hazipo kwenye simiti, hazipo kwenye rangi, na hazipo kwenye ayuuto wakati zamu ya kutoa imefika. Jiulize shilingi hizo zingekuletea faida gani zingekuwa zinazunguka kwingine dukani kwako. Tuseme 100 kwa mwaka. Jumla, bati moja likikaa mwaka linagharimu shilingi 144.

Gharama hizi mbili zinavutana. Ukiagiza kidogo kidogo, unalipa gari kila mara. Ukiagiza mengi kwa mkupuo, unalipa stoo na fedha iliyolala. Mahali zinapolingana ndipo pana nafuu kubwa kuliko pote. Aliyeiandika hesabu hii kwanza ni mhandisi Mmarekani, Ford Harris, mwaka 1913, katika jarida la wenye viwanda, na njia yake ni fupi kiasi cha kufanyika kwa kikokotoo cha simu. Chukua mauzo ya mwaka, zidisha kwa gharama ya oda moja, zidisha kwa mbili. Gawanya kwa gharama ya kuweka kipande kimoja mwaka mzima. Kisha tafuta kipeo cha pili cha jibu.

Kwa duka letu: 3,000 mara 6,000 mara mbili ni milioni 36. Gawanya kwa 144, unapata 250,000. Kipeo chake cha pili ni 500.

Basi duka hili liagize mabati 500 kila mara, oda sita kwa mwaka. Magari sita ni shilingi 36,000. Na kwa kuwa mzigo unaanza 500 na kushuka hadi karibu sifuri, kwa wastani stoo ina mabati 250, na kuyaweka ni shilingi 36,000 pia. Mwaka mzima 72,000.

Sasa mrudie yule aliyeapa kuagiza mara mbili. Akiagiza 1,000, magari yanashuka hadi matatu, shilingi 18,000, lakini stoo inapanda hadi 72,000. Jumla 90,000. Ameongeza shilingi 18,000 kila mwaka kwa bidhaa moja tu, na bado siku ya oda akingoja mpaka rundo libaki mabati sitini, lori likichelewa atabaki na sakafu tupu vilevile. Nitamtendea haki: anayeagiza mara tatu anakutana na hatari mara tatu badala ya sita. Lakini moja ya hizo tatu ikiangukia Novemba, imemwangukia.

Hesabu hii ina upole ambao vitabu huutaja haraka mno. Ukikosea kidogo, haikuadhibu. Agiza 400, gharama ya mwaka ni 73,800. Agiza 600, ni 73,200. Tofauti na ile bora ni chini ya elfu mbili kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kama gari linabeba 550 vizuri, jaza gari. Kama mfukoni una fedha ya mabati 420, nunua hayo. Usikeshe ukitafuta kama gharama ya mlinzi ni shilingi 44 au 47 kwa bati. Kinachoumiza ni kwenda mbali, mara mbili au nusu, na huko ndiko hasira ya kukosa mali hupeleka watu.

Kuna jambo moja linalobadilisha namba hii kwa nguvu, nalo ni kugawana gari. Maduka manne ya Ifo yakikubaliana kukodi lori moja na kumtuma mtu mmoja Garissa, gharama ya oda kwa kila duka inashuka kutoka 6,000 hadi 1,500. Rudia hesabu: oda inayofaa inakuwa 250, nusu ya ile ya kwanza, na gharama yote ya mwaka inashuka kutoka 72,000 hadi 36,000. Zaidi ya hapo, fedha iliyolala kwenye mabati inapungua nusu. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anapumua. Sijui njia nyingine ambayo duka dogo linaweza kukata gharama yake nusu bila kumpandishia mteja bei wala kumnyima mlinzi mshahara. Lakini kugawana gari kuna bei yake: lori haliondoki mpaka wanne wote wawe tayari, na kungojana huko ni siku zinazoongezeka kwenye safari. Hapo tumeshaingia katika swali la pili.

Lini?

Swali hili halijibiwi na kalenda. Linajibiwa na rundo lenyewe. Kuna kiwango ambacho rundo likishuka hadi hapo, unapiga simu siku hiyohiyo, hata kama macho yako yanaona mabati bado ni mengi. Kiwango hicho ni mabati utakayouza tangu unapopiga simu hadi mzigo unaposhushwa, pamoja na akiba ya tahadhari kwa siku ambazo mambo hayaendi.

Ili kukijua, unahitaji daftari lenye safu mbili: tarehe uliyopiga simu na kulipa, na tarehe makuli waliposhusha mzigo mlangoni pako. Usiandike tarehe aliyokuahidi muuzaji. Andika ile ya kweli. Na kwa kuwa mauzo umeyahesabu kwa siku za kufungua duka, hesabu na safari kwa siku hizohizo.

Tuseme katika kiangazi duka letu limeandika oda kumi na mbili, za mwaka huu na miaka ya nyuma, zilizofika baada ya siku 4, 5, 5, 5, 6, 6, 6, 6, 6, 7, 7 na 9. Wastani ni siku sita. Siku sita mara mabati kumi ni sitini. Wengi wanasimama hapo na kuagiza rundo likifika sitini. Tazama daftari tena: mara tatu kati ya kumi na mbili lori lilizidi siku sita. Kuagiza kwa wastani ni kukubali kwamba kila mara gari linapozidi wastani, mteja atageuza punda. Kwa hiyo tunachukua ile ndefu kuliko zote, siku tisa, na kiwango cha kuagiza kinakuwa tisini. Sitini za safari ya kawaida, thelathini za tahadhari.

Wataalamu wana hesabu ndefu zaidi, ya kupima jinsi siku za safari na mauzo vinavyotawanyika kando ya wastani. Kwa daftari letu, ikiwa mauzo ya kila siku yanapanda na kushuka kwa mabati matatu hivi, na tukitaka mzigo utoshe mara tisini na tano katika mia, hesabu hiyo inatoa kiwango cha mabati 84 au 85. Si mbali na tisini yetu. Lakini inafundisha kitu ambacho macho hayaoni: sehemu kubwa ya akiba hiyo, karibu robo tatu ya mtawanyiko wote, inatokana na lori. Wateja wamechangia kidogo. Maana yake, mwenye duka anayejitahidi kukisia kesho atauza mabati mangapi anahangaika na upande mdogo. Siku moja ya uhakika zaidi kutoka kwa msafirishaji ina thamani kuliko ukisiaji wote wa wateja.

Tumesema kiangazi. Nimesisitiza kiangazi kwa sababu hapa ndipo hesabu za vitabuni zinapotupotosha sisi wa Kaskazini Mashariki.

Mwezi wa Novemba 2023 maji ya Mto Tana na ya laga yalikata barabara ya Nairobi na Garissa upande wa Madogo. Aprili 2024 yakaikata tena, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki chache nyuma malori yalipita. Mabati yetu yanatoka viwanda vya mbali, vya Athi River na Mariakani, na yote lazima yafike Garissa kabla ya kuanza kilomita zile mia za kuja Dadaab, ambazo nazo mvua ikinyesha zinageuka tope. Wakati huo safari haiwi siku sita zilizonyooshwa kidogo. Inakuwa safari ya aina nyingine kabisa. Barabara ikiwa wazi ni siku sita, ikikatika ni kumi na nne, kumi na saba, ishirini na moja.

Ukichanganya safari za kiangazi na za mvua katika wastani mmoja, utapata labda siku kumi. Hakuna msimu wenye siku kumi. Januari utakuwa umeweka mali bure, Novemba utakuwa umepungukiwa. Kwa hiyo daftari ligawe. Ukurasa mmoja wa Jilaal na Hagaa, ukurasa mwingine wa Gu na Deyr, na kila ukurasa uwe na kiwango chake. Kama safari mbaya kuliko zote katika ukurasa wa mvua ni siku 21, kiwango cha mvua ni mabati 210.

Gharama yake? Umeongeza mabati 120 juu ya yale tisini, kwa miezi mitatu ya Deyr. Kuyaweka kwa robo mwaka ni 120 mara shilingi 36, yaani 4,320. Sasa pima upande wa pili. Ungebaki na kiwango cha tisini na lori likachukua siku 21, ungekaa siku kumi na mbili bila bati. Kwa faida ya shilingi 80 kwa bati, hizo ni 9,600 zimekwenda kwa safari moja tu. Na bati haliondoki peke yake. Anayeezeka ananunua mbao, misumari ya mabati, na waya hapohapo anaponunua bati. Akikosa bati, anaondoka na kikapu chote.

Angalia pia kwamba katika haya yote ile 500 haikuguswa. Mvua imesogeza siku ya kupiga simu. Ukubwa wa oda umebaki palepale.

Yapo makosa mawili katika daftari ambayo nimeyaona yakiharibu hesabu nzuri. La kwanza ni la siku zisizo na mali. Katika siku thelathini za kufungua, duka limeuza mabati 240, mwenye duka anasema nauza nane kwa siku. Ukimuuliza, anakumbuka kwamba siku sita stoo ilikuwa tupu. Basi aliuza 240 kwa siku 24, na hiyo ni kumi. Akiweka nane, kiwango chake kitashuka, atapungukiwa tena, mwezi ujao mauzo yataonekana madogo zaidi, naye atashusha tena. Duka linajikausha lenyewe na daftari linasema wateja wamepungua. Dalili ni hii: mauzo yanashuka, lakini watu wanaoulizia bati wako palepale. Weka alama kila anapoondoka mtu mikono mitupu.

La pili ni la kuhesabu rundo tu. Tuseme stoo ina mabati 70. Kuna 250 yaliyolipiwa yako njiani. Na kuna 40 ambayo mama fulani ameyalipia polepole, kila akipata hela anatoa, akisubiri yatimie ajenge. Ukitazama rundo, sabini ni chini ya tisini, unapiga simu tena, na baada ya wiki unapokea mizigo miwili. Hesabu sahihi ni 70 jumlisha 250 toa 40, yaani 280. Hiyo ndiyo unayoilinganisha na tisini, na inakwambia ngoja. Wanaogawana gari na kuagiza 250 kila mara lazima walishike hili zaidi, kwa sababu katika mvua kiwango chao kinakaribia ukubwa wa oda yenyewe, na ukiongeza siku za kungojana kinaweza kuupita. Oda moja haijafika, nyingine inapaswa kutoka.

Hesabu hii yote inasimama juu ya mauzo tulivu. Shirika likija na kutaka mabati 800 kwa mkupuo, hilo liagizie peke yake na usiliingize kwenye wastani, maana litakudanganya mwaka mzima. Na kuna miaka ambayo utulivu wenyewe huondoka. Mwaka 2011 ukame na njaa vilileta maelfu ya watu hapa kwa miezi michache. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zitafungwa, na mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha uamuzi huo Februari 2017, mtu aliyeambiwa ataondoka alikuwa na sababu gani ya kuezeka upya? Wakati kama huo kipeo cha pili hakikusaidii. Agiza kidogo, lipa gari zaidi, mpaka uone mauzo yametulia wapi.

Kwa duka la kawaida katika mwaka wa kawaida, huhitaji kompyuta kulinda kiwango. Mzigo ukishushwa, hesabu mabati tisini, yaweke chini kabisa ya rundo juu ya mbao, yafunge kwa waya. Kijana wa duka anauza yaliyo juu. Siku anapofika kwenye waya, haukati kabla hajakuita, na wewe huukati kabla hujapiga simu na kulipa. Wiki ya mwisho ya Septemba, kabla mawingu ya Deyr hayajakusanyika, fungua waya, ongeza mpaka yawe 210, funga tena. Januari usiurudishe kwenye tisini kwa sababu tu jua limewaka. Ngoja mpaka oda mbili zifuatane, kila moja ikifika ndani ya siku tisa. Ya pili ikishushwa, leta koleo.